Alhamisi Yangu

Niliomba Alhamisi. Sikuomba nyumba wala uhamisho. Niliomba siku moja katika wiki ambayo mtu hataniita kwenye kikao, nikae na taipureta yangu toka asubuhi mpaka jioni, niandike.

Nilikuwa kijana, na ofisi yetu ya elimu ya watu wazima ilikuwa Karatu, vyumba vitatu chini ya mikaratusi, ukungu wa mlima Oldeani ukiingia dirishani asubuhi kama mtu wa nyumbani. Nilikuwa nimeletwa kwa kazi moja: kuandika kitabu cha kisomo cha watu wa nyanda zile za juu. Katika madarasa ya vijiji vya Rhotia na Daa, kina mama na wazee walikuwa wanajifunza kusoma kwa kitabu kilichotungwa kwa ajili ya wakulima wa pamba wa kule ziwani. Walisoma juu ya kupanda pamba, kupalilia pamba, kuchuma pamba, na wengi wao hawajawahi kuliona hata ua lake. Walikuwa wanakariri tu. Kitabu changu kingekuwa cha mahindi na maharage, ng'ombe na ngano, baridi na tope jekundu. Mkoa ulitaka mswada kabla ya mvua za masika, upelekwe kiwandani kuchapwa. Ukichelewa, mwaka mwingine mzima ungekuwa wa pamba.

Aliye nje ya kazi hii hudhani kitabu cha wanaoanza kusoma ni rahisi, kwa kuwa sentensi zake ni fupi. Ni kinyume. Kila somo linaongeza maneno mapya machache tu, na kila neno la zamani ni lazima lirudi, lisisahaulike. Ukiwa somo la kumi, unatakiwa uwe na maneno yote ya masomo tisa kichwani, kama mtu aliyebeba maji kwenye sinia. Mtu akifungua mlango akasema "Ndugu, kikao," sinia linamwagika. Ukirudi, unaanza kuyachota upya tangu somo la kwanza.

Na vikao vilikuwa vingi. Kikao cha wafanyakazi, kikao cha tarafa, kikao cha Chama, kamati ya maendeleo, kamati ya kupokea wageni, na kikao cha kupanga vikao. Mimi, kwa kuwa niliitwa mwandishi, ndiye niliyeandika mihtasari ya vyote.

Basi nikaenda kwa mratibu wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini na sweta la kijani alilolivaa mwaka mzima. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sina tatizo, mwanangu," akasema. "Lakini siwezi kukupa siku peke yangu. Tuipeleke kwenye kikao."

Jumatatu tukaipeleka. Walikuwepo watu wawili ambao kazi zetu zilifungamana na zao: Bwana Shamba, mwenye tumbo na huruma, na Bwana Mifugo, mwembamba, aliyeshinda njiani kwenda na kurudi Loliondo kwenye chanjo za ng'ombe.

"Alhamisi nzima?" Bwana Mifugo akashangaa. "Unataka kutaga?"

Wakacheka. Nikacheka nao, kwa sababu nilikuwa naomba.

"Nataka kumaliza kitabu, kaka."

"Sasa sisi tukikaa Alhamisi bila wewe, muhtasari ataandika nani?" akauliza Bwana Shamba.

Hilo nilikuwa nimelifikiria. Nikasema ofisi nzima isiwe na kikao Alhamisi. Kwa malipo ya hilo, nitaandika mihtasari ya vikao vyote vya siku nyingine bila kunung'unika, hata vile vya mifugo ambavyo havikuwa vyangu, na itakuwa imepigwa chapa kesho yake. Mwenye swali Alhamisi aliandike kwenye karatasi, alisukume chini ya mlango, nami nitalijibu Ijumaa kabla ya chai.

Bwana Mifugo akavutika na habari ya mihtasari. Yake ilikuwa imelala miezi.

"Na dharura?" mratibu akauliza.

Tukazitaja: moto, ugonjwa wa mlipuko, mgeni kutoka mkoani. Nikaziandika. Ndipo Bwana Shamba, kwa nia njema kabisa, akasema, "Ongeza na mengineyo. Kila ajenda lazima iwe na mengineyo."

Nikaongeza. Mpaka leo naona mkono wangu ukiandika neno lile.

Alhamisi za mwanzo zilikuwa tamu mno. Nilifika ukungu haujanyanyuka. Nilisikia ng'ombe wakipita barabarani, kengele zao zikija na kupotea, halafu kimya, halafu mlio wa taipureta yangu peke yake katika dunia nzima. Maneno yalikaa. Neno mvua lilirudi somo la nne, la tano, la saba, kila mara likiwa na rafiki mpya. Saa sita sikujua kama ni saa sita. Jioni nilitoka nimechoka kama mtu aliyelima, na kurasa zilikuwa mkononi, na mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Nilidhani nimeshinda.

Kosa langu lilikuwa mlango. Nilikuwa naufunga. Karatu ya siku zile mtu hafungi mlango mchana akiwa ndani na mzima. Mke wa mlinzi alipita akauona umefungwa, akapita tena, bado umefungwa. Alhamisi iliyofuata akaja na kibuyu cha uji.

"Pole, mwanangu. Ni homa?"

"Hapana, mama. Shikamoo. Ninaandika tu."

"Marahaba. Kunywa kwanza, utaandika."

Huwezi kunywa uji wa mtu umesimama, wala kumrudisha bila kuulizia watoto, shamba, mguu wa mumewe. Wiki iliyofuata wakaja watatu. Habari ilikuwa imeenea kuwa kijana wa kisomo anaumwa ugonjwa wa kila Alhamisi. Bwana Mifugo alipoisikia alicheka mpaka akashika ukuta. "Malaria yako ina ratiba, ndugu!"

Nikaacha mlango wazi. Ukiwa wazi, watu wakaingia.

Kwanza akaingia Bwana Mifugo mwenyewe. Gari lilikuwa moja kwa idara zote, na dizeli ilikuwa ya kubembeleza. Kwa kuwa Alhamisi haina kikao, gari lilikuwa halihitajiki kupeleka watu, na yeye akaanza kulitumia kurudi toka Loliondo siku hiyo. Alifika na vumbi mpaka kwenye kope.

"Si kikao," alisema akivuta kiti. "Nakueleza tu haya ya chanjo kabla sijayasahau, uyaweke kwenye muhtasari wa Jumatatu."

Bwana Shamba akasikia sauti yake, akaja. Mratibu akatusikia sote watatu, akaja na chai. Kweli hakikuwa kikao. Hakukuwa na mwenyekiti. Kilikwisha saa tisa.

Nikaenda tena kwa mratibu. Nikamwambia basi nipewe asubuhi tu, mpaka saa sita, halafu mchana ni wa wote. Akakubali. Akawasihi wenzangu mbele yangu, kwa upole kuliko nilivyotarajia, nao wakakubali, na Bwana Shamba akaniomba radhi kwa mikono miwili. Hakukuwa na mtu mbaya wa kumlaumu. Ningempata mmoja, ningelala usingizi.

Alhamisi ile ile ya makubaliano mapya walifika watu kutoka Daa. Kikundi cha wanakisomo, kina mama wengi na mzee mmoja mwenye blanketi begani, wamekuja kwa miguu, tope mpaka magotini. Waliambiwa na viongozi wao wa kijiji kwamba Alhamisi maofisa wote wa Karatu wapo ofisini, hawana vikao. Ndiyo siku ya kuwapata.

Mratibu akasimama mlangoni kwangu. Akanionyesha kwa kidevu kundi lililokuwa nje.

"Wanataka nini?" nikauliza.

"Wanakuulizia wewe."

Nikatoka. Mama mmoja aliyekuwa mbele, mrefu, mwenye ushungi mweupe, akasema wamechoka na kitabu cha zamani na wamesikia kuna kipya kinatungwa. Wanataka kujua kitakuja lini. Na kwa kuwa wamefika, walikuwa na mengine: mwalimu wao hajafika wiki kadhaa, taa ya darasa imepasuka, chaki zimekwisha. Wakaeleza moja baada ya jingine, na kila aliyesimama alianza kwa kumsalimia kila aliyekuwapo. Mimi niliketi kati yao nikiandika, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ndani, karatasi ilikuwa kwenye taipureta, sentensi imeishia katikati. Niliisikia ikiniita. Ningewaambia nini? Rudini Daa, nina kazi ya maana, ninawaandikia ninyi?

Wiki iliyofuata walikuja wa Rhotia.

Mvua zilianza usiku mmoja, na asubuhi mtu wa mkoa akafika mapema kabla barabara haijaharibika, akikusanya miswada. Nilikuwa na nusu. Akaipekua, akitabasamu mahali nilipotaka mtu atabasamu.

"Kizuri. Kinaendelea wapi?"

"Kinaishia hapo."

"Nusu haichapwi, ndugu yangu."

Nikamwomba wiki mbili. Akaangalia mawingu. Mratibu naye akamwomba, na Bwana Shamba, hata Bwana Mifugo aliyekuwa amekuja kutafuta dizeli akaacha mzaha wake akasema, "Mzee, kijana huyu anafanya kazi." Yule mtu akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Hakuwa na mamlaka hayo. Aliyekuwa nayo alikuwa kwenye kikao.

Wenzangu wakakaa siku ile ile kujadili nani awaambie wanakisomo. Ikaamuliwa niende mwenyewe, Alhamisi, maana ndiyo siku ambayo gari lina nafasi.

Dereva aliniacha mahali tope lilipomzidi, nikamalizia kwa miguu. Darasa la Daa lilikuwa chumba cha nyuma cha ghala, harufu ya mahindi na nguo mbichi. Nikawasalimia wote. Nikawaeleza kwamba kitabu hakikuwahi, kwamba kwa mwaka huu wataendelea na kile cha pamba, na kwamba nasikitika. Walinisikiliza kwa adabu. Mzee wa blanketi akauliza kama ni hela zilizokosekana. Nikasema hapana. Kama ni karatasi. Nikasema hapana, ni muda.

Mama mwenye ushungi mweupe akainua mkono kama wanafunzi wanavyofanya.

"Mwalimu," akasema, naye hakuwa na kejeli yoyote usoni, "sisi tuliambiwa baadaye kwamba ofisini umewekewa siku nzima ya kitabu chetu. Siku hiyo ulikuwa unafanya nini?"

Wote wakanigeukia, wakingoja. Nje mvua ilikuwa inaongezeka. Nikatoa kalamu, nikaliandika swali lake, chini ya mengineyo.