Alama ya Mkono Kwenye Mlango wa Zahanati

Robi, mke wa Waitara seremala, alikuwa mtu asiyejua kutulia hata akiwa ameketi. Akimenya muhogo, jicho liko njiani. Akiwa kanisani, sikio liko nyumbani kwa watoto. Watu wa Kisaka walimcheka, ila waliomfahamu tangu zamani hawakumcheka sana. Walikumbuka jinsi mumewe alivyokwenda Kericho kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai, akakaa miaka mitatu, na mtoto wao wa pili akafa kwa surua baba hayupo. Kaburi lilichimbwa na majirani. Tangu hapo Robi alibaki na hofu moja kubwa, na hofu nyingine zote zilikuwa watoto wa hiyo: Waitara asiondoke tena.

Ndiyo maana Desemba ile, mvua za vuli zikiwa bado hazijakata, alipita zahanati ya misheni kila asubuhi kuutazama mlango.

Ulikuwa mlango wa mvule, mzito, na Waitara aliutengeneza mwezi wa Septemba. Ulitazama magharibi, kwa hiyo kuanzia saa nane mchana jua liliupiga usoni bila kizuizi. Robi mwenyewe alisaidia kuusugua. Walianza na karatasi ya msasa yenye chenga kubwa, wakamaliza na ile laini, wakifuata mkondo wa mishipa ya mti, maana ukisugua kukata mishipa, mikwaruzo haionekani mpaka vanishi ipite juu yake, na hapo umeshachelewa. Karatasi ilipoisha, Robi alikwenda mtoni kuchuma majani ya mti wa msasa wenyewe, yale makali kama ulimi wa ng'ombe, wakamalizia kona nayo. Mlango ulipopakwa ulikuwa unang'aa hata Padre alisimama akajitazama, akatengeneza kola.

Sasa ulikuwa aibu. Chini, karibu na kizingiti, vanishi ilikuwa imegeuka nyeupe kama maziwa na kuinuka. Katikati, pale watu wanaposukuma, ilikuwa imebanduka kwa mabaka mawili.

"Mama Mseti, shemeji yangu," Simoni mwashi alimwita asubuhi moja, akiwa juu ya ngazi anapiga lipu. "Mlango wenu umeshikwa na ukoma. Uingizeni ndani upigwe sindano, si uko mlangoni tayari?"

Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Robi akacheka pia, kicheko kisichofika tumboni.

"Lipu yako nayo, Simoni, niliona mbuzi akiilamba juzi. Alifikiri ni uji."

"Mbuzi wa nani huyo mwenye akili?"

Lakini mwanamke mmoja kutoka Busawe, aliyebeba mtoto, hakucheka. Alikuwa akiyatazama yale mabaka ya katikati. "Huo ni mkono," alisema polepole. "Tazameni. Hivyo ni vidole. Mtu ameuwekea mlango huu mkono." Akamfunika mtoto vizuri, akaingia mlangoni kwa ubavu bila kuugusa mlango.

Robi alirudi nyumbani haraka kuliko alivyokuja.

Katekista Benedicto alikuwa tayari uani, kofia mkononi, na Waitara amesimama mbele yake kama mshtakiwa.

"Padre anakwenda Musoma," katekista alisema. "Atarudi baada ya siku kumi. Amesema akikuta mlango umepona, utapewa sakafu ya mbao ya nyumba ya masista, vyumba vinne. Akiukuta hivi hivi, ataleta fundi mwingine kutoka kule. Mimi nimetumwa tu, Baba Mseti, usinikasirikie."

"Nitamkasirikia nani?" Waitara alijibu. "Vanishi ni ile ile wanayopaka mashua za ziwani, ambayo jua na maji haviiwezi. Mvule una mafuta yake, najua, niliufuta kwa tapentaini mimi mwenyewe kabla ya kupaka. Nilifanya yote. Labda mikono imezeeka."

Katekista alipoondoka, Waitara aliingia ndani akalivuta sanduku lake la bati kutoka chini ya kitanda. Hakulifungua. Alilipangusa vumbi tu, akaliacha katikati ya chumba. Robi aliijua barua iliyokuwa ndani. Mniko, rafiki wa Waitara kule Kericho, alikuwa ameandika kwamba kiwanda cha chai kinataka maseremala.

"Unakwenda?" Robi aliuliza.

"Mtu asiye na kazi hapa anakaa kufanya nini? Nitafanya siku hizi kumi. Zikishindikana, nakwenda."

Kesho yake waliung'oa mlango kwenye bawaba na kuulaza juu ya vigogo viwili ndani ya banda la mbao la misheni, mahali penye upepo lakini pasipo jua wala mvua. Kwenye uwazi wa zahanati walitundika gunia, na mganga msaidizi akalalamika kwamba kuku wanaingia kupima joto. Siku tatu za kwanza hawakugusa kitu. Mbao ilikuwa imekunywa maji, na kupaka mbao yenye maji ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba. Siku hizo tatu Robi aliamka, akasonga ugali ukaungua, akaenda bandani, akaugusa mlango kwa shavu kuona kama bado una ubaridi, akarudi. Sanduku lilikuwa bado katikati ya chumba. Watoto walikuwa wameanza kulikalia.

Siku ya nne mlango ulikuwa mkavu. Waitara alikwenda kunoa vyuma vyake, na Robi akabaki peke yake akiikwangua vanishi ya zamani kwa kipande cha chuma. Vanishi iliyoshika ilitoka kwa shida, kama kovu. Pale kwenye mabaka ilitoka yenyewe kama gamba la kitunguu. Alipofika kwenye baka la kulia, mkono wake ukasimama.

Vilikuwa vidole kweli, vitano. Na kile kidogo kilikuwa kimepinda kuelekea nje.

Robi aliutazama mkono wake wa kulia. Kidole chake kidogo kilivunjwa na mchi wa kutwangia alipokuwa msichana, kikaunga vibaya. Akauweka mkono juu ya baka. Ukalala pale kama unarudi nyumbani.

Akakumbuka. Jioni ile ya Septemba, Waitara alipokwisha kuufuta mlango kwa tapentaini na kwenda kuoga, yeye alibaki nao. Mama yake, siku ya nyumba mpya, hupaka samli ya ng'ombe mlangoni, kwa viganja viwili, ili nyumba ishike watu wake. Robi alichota samli kidogo kwenye kibuyu akapaka, akasema moyoni, Kazi hii imshike hapa. Kisha akaipangusa kwa kitambaa isionekane, na mbao ikanywa iliyobaki. Asubuhi Waitara akapaka vanishi juu yake bila kujua.

Alichovya kidole kwenye maji ya kunywa akadondosha tone mahali pasafi. Mbao ililinywa. Akadondosha jingine ndani ya alama ya mkono. Tone lilisimama, duara, likimtazama kama jicho.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusugua, na alama ingeondoka kwa macho. Lakini msasa ungeisukuma samli ndani zaidi, na vanishi mpya ingebanduka tena pale pale, na Waitara angekwenda Kericho akiamini mikono yake ndiyo iliyomwangusha. Na akisema? Mtu aliyeharibiwa kazi na mkewe naye huondoka. Robi alizunguka mlango ule mara tatu. Aliketi, akainuka. Alitoka nje kuangalia kama mvua inakuja. Hakukuwa na wingu.

Waitara aliporudi alimkuta amesimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule.

"Baba Mseti, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Aliuweka mkono wake kwenye alama. Hakueleza mengi. Alisema, "Samli," na, "Nilitaka usiondoke."

Waitara alitazama mkono, akatazama mlango. Alidondosha tone la maji mwenyewe, kisha la pili, la tatu. Alivifuata vidole vya alama kimoja kimoja kwa ncha ya kidole chake, na Robi akaanza kuhesabu misumari ukutani.

"Kwa hiyo uliifukuza vanishi ili unishike mimi," alisema mwishoni.

"Ndivyo."

"Na huku chini? Huku pia ulipaka?"

"Hapana. Naapa. Kwa viganja tu, hapo juu."

Waliuinua mlango, wakausimamisha kwa ubavu, na Waitara akainama kutazama ukingo wa chini. Akapiga ulimi. Ukingo ule ulikuwa mtupu, haujaonja vanishi hata tone. Aliutundika kwanza ndipo akapaka, na brashi haikuweza kupita kati ya mlango na kizingiti. Pale ndipo ncha za mbao zilipo, mishipa ya mti imekatwa wazi, na hunyonya maji kama wazee wanavyonyonya pombe kwa mirija. Mvua iliyorukia kizingiti ilipanda kwa ndani ikaisukuma vanishi kutoka chini yake.

"Aaa," alisema. "Hapa ni mimi." Akaanza kucheka peke yake, akaketi chini kwenye vumbi la mbao. "Juu wewe, chini mimi. Mlango ungepona wapi?"

Robi hakuwa na uhakika kama ni kicheko cha heri. Alimtazama mpaka akaona machozi yanatoka, ndipo akaketi naye.

Hawakuanza na msasa. Waitara alilowesha kitambaa safi kwa tapentaini akafuta alama za mikono, akakitupa, akachukua kingine, tena kingine, mpaka tone la maji lilipowekwa likanywewa kama mahali pengine. Vitambaa hivyo Robi alivianika kwenye ua kimoja kimoja, maana vikirundikwa vimelowa mafuta hupata joto na kuwaka vyenyewe. Ndipo wakasugua. Ndipo wakafuta vumbi. Mkono wa kwanza, yaani mpako wa kwanza, Waitara aliichanganya vanishi nusu kwa nusu na tapentaini, iwe nyepesi, izame iwe mizizi ya zile zitakazofuata. Kingo za chini na juu alizinywesha mara tatu. Walipaka baada ya umande kukauka na kuacha kabla ya jua la utosi, mkono mmoja kwa siku, na kati ya mkono na mkono wakapitisha msasa laini kidogo tu ili mkono mpya ushikane na wa zamani.

Kila asubuhi kabla ya kufungua kopo, Waitara alisema, "Mama Mseti, mikono." Naye aliinyosha, Waitara akanusa viganja vyote viwili kama karani wa forodha, kisha akampa brashi ndogo.

Siku ya tisa waliutundika. Siku ya kumi, saa tisa mchana, mvua ilikuja na upepo wa magharibi na kuupiga mlango kama mawe. Padre alikuwa amerudi, amesimama chini ya paa na katekista. Robi alikuwa pale kabla yao. Maji yaligonga mlango, yakakusanyika, yakateremka hadi ukingo wa chini na kudondoka. Hayakuingia. Yule mwanamke wa Busawe alikuja anakimbia mvua na mtoto mgongoni, akausukuma mlango kwa kiganja kizima bila kufikiri.

"Masista wanauliza mtaanza lini," katekista alimnong'oneza Waitara.

"Mvua ikikata. Sakafu tutaanza kuipaka kona ya mbali, tutoke kwa mlango kinyumenyume. Huyu mke wangu asije akajifungia ndani."

Jioni Robi alikuta sanduku limerudi chini ya kitanda. Alilivuta kidogo, akalifungua, maana hakuwa mtu wa kuamini. Barua ya Mniko ilikuwa bado ndani, lakini juu yake zilipangwa brashi nne zilizooshwa, karatasi za msasa, na kibuyu chake cha samli, kimefungwa mdomo kwa kamba mara tatu.

"Nani kaweka samli yangu humu?" alipaza sauti.

"Mimi," Waitara alijibu kutoka nje. "Nisikose kujua iko wapi."

Robi aliifungua kamba, akachota samli kijiko kimoja, akaitia kwenye mboga. Kisha akatoka mlangoni kutazama kama mvua imekata.