Nyama Iliyofika na Joto

Mzee aliyekuwa akiniletea nyama kutoka Meru alikuwa rafiki wa baba yangu. Baba alikuwa akimtafutia ng'ombe huko Kanja, upande wa Embu, naye akiwachinja kule kwao na kuuza nyama. Wazazi wetu walipofariki, mmoja baada ya mwingine ndani ya mwaka mmoja, mimi nilikuwa kidato cha pili na nyuma yangu walikuwa watatu. Niliacha shule. Miaka michache baadaye nilifungua hoteli ya meza nne hapa Majimbo, mtaa wa mji wa Embu, na mzee huyo ndiye aliyeniletea mguu wa kwanza wa ng'ombe. Alisema, akiniita binti yake kwa lugha ya kwao, "Pika kwanza, mwari. Mengine tutaongea." Ndugu zangu wote watatu walisomeshwa na jiko hilo.

Kwa sababu hiyo sikuwahi kukagua nyama yake. Dereva wake alikuwa akifika, ananipa kitabu, natia sahihi palipoandikwa kwamba mzigo umepokelewa ukiwa katika hali nzuri, ndipo sanduku la gari linafunguliwa. Kulifungua kwanza niliona ni sawa na kumpekua mzee mifuko.

Ijumaa moja nilitia sahihi kama kawaida. Tulipoweka nyama mezani mpishi wangu, mama wa Mbeere asiyefunga mdomo, aliugusa mguu mmoja akaniangalia.

"Hii wameanza kutupikia huko njiani?"

Niliweka kiganja. Kulikuwa na joto.

"Mama, nyama ya leo lazima iwe na joto," dereva alisema. Alikuwa tayari amepanda gari. "Ng'ombe si friji."

Hilo lingekuwa kweli kama ingekuwa nyama ya leo. Nyama iliyochinjwa asubuhi huja na joto lake na haina ubaya. Lakini ile ya mzee hulala kwenye chumba chake cha baridi kabla ya kusafirishwa, kwa sababu Meru na Embu si karibu, na siku zote ilikuwa ikifika ikiwa baridi ya kuumiza vidole. Niliangalia cheti cha machinjio alichoacha dereva. Ng'ombe alichinjwa Jumatano.

Nilichukua kisu chembamba, nikakidunga kwenye nyonga mpaka kikagusa mfupa, nikakitoa na kukinusa. Sikuhitaji kunusa mara ya pili. Mguu wa pili, upande uliokuwa umelaliwa, ulikuwa na utelezi na rangi ya kijani kwenye mikunjo.

"Wengine wangeosha na siki, waweke kitunguu saumu kingi," mpishi alisema.

"Wewe ungekula?"

"Mimi? Mimi ningekula maharagwe."

Nilimpigia afisa wa afya. Alikuja na kipimajoto chake, akakichoma ndani ya nyama: nyuzi kumi na nane, na nyama iliyolala kwenye baridi haitakiwi kupita saba. Miguu na mikono ya ng'ombe aliikataa yote, akaimwagia rangi ili isije ikauzwa, ikapelekwa kuzikwa. Mbavu zilikuwa bado baridi, hizo akazipitisha. Alipokuwa akijaza fomu yake aliniuliza kama nilikuwa nimetia sahihi. Nilikubali.

"Basi mwandikie leo. Ukikaa mpaka wiki ijayo, itakuwa ilioza kwako."

Alipoondoka nilikaa kwenye meza ya nyuma na karatasi. Afisa aliona ni jambo la kazi tu. Mimi niliona nikiandika barua hiyo nitakuwa nimempoteza mtu wa mwisho aliyemjua baba akiwa kijana, na nisipoiandika, siku nyingine nitampa mtu sahani ya nyama mbovu nikijua. Niliandika mara nne. Ndugu yangu anayenifuata, ambaye ni karani wa wakili hapa mjini, alikuja kula chakula cha mchana akaichukua ya nne kusoma.

*Mzee wangu, nakusalimu. Mzigo wa Ijumaa ulifika saa nne asubuhi. Miguu miwili na mikono miwili ilikuwa na joto hadi ndani. Mguu mmoja ulikuwa umeharibika kwenye nyonga, na mwingine ulikuwa na utelezi na rangi ya kijani. Mbavu zilikuwa nzuri. Dereva wako alisema ni nyama ya leo, lakini cheti kinasema Jumatano. Afisa wa afya ameikataa miguu na mikono yote ikazikwa, na nakala ya fomu yake imo humu. Nilitia sahihi kabla ya kufungua sanduku, na hilo ni kosa langu. Naomba unieleze baridi ilipotelea wapi. Tena naomba uniletee nyingine badala yake, au useme kwamba huwezi.*

"Umejishtaki mwenyewe," ndugu yangu alisema. "Toa hiyo ya sahihi. Mwache aitaje yeye."

"Nilitia sahihi au sikutia?"

"Sista, hii ni biashara, si kitubio."

"Nilitia. Iache."

Alitikisa kichwa akaendelea kula. Barua ilipanda gari la vifurushi jioni hiyo.

Jumanne mzee alikuja mwenyewe. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na barua ilikuwa kwenye mfuko wa ndani. Aliketi karibu na dirisha. Nilimletea chai akaishika bila kunywa.

"Sijaona uongo ndani yake," alisema. "Hata hapo pa sahihi."

"Baridi ilipotelea wapi, baba?"

Aliniambia bila kuzungukazunguka. Usiku wa kuamkia Ijumaa mashine ya chumba cha baridi iliharibika, na fundi hakupatikana. Asubuhi yake alikuwa amechinja fahali wawili wa oda ya mahali pengine, na kwa kuwa siku hiyo alikuwa na gari moja tu, akaipakia nyama hiyo ya moto pamoja na yangu, imelaliana, sanduku likafungwa. Mbavu tu ndizo zilizoning'inizwa mbali. Nyama ya moto iliipa yangu joto njia nzima.

"Ulijua wakati wa kupakia?"

Alikiweka kikombe mezani.

"Nilijua ile yako imeanza kuharibika. Kuna shule ninayopelekea, na kuna hospitali. Hao hufungua sanduku, wakigusa wanarudisha." Alisukuma kikombe. "Wewe hufungui. Nikasema, huyu ni mtoto wangu, hata ikiwa mbaya atanyamaza."

Mpishi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

Nilitaka kumkasirikia na sikuweza. Nilichoona ni miaka yote ile niliyotia sahihi nikidhani ni heshima, naye akiiona sahihi hiyo kuwa mlango ambao siku ya shida anaweza kupitishia kitu. Nadhani aliuona bila kutaka, kama mtu anavyojua jirani yupi hafungi mlango. Alikuwa amezeeka na mimi sikuwa nimetambua, kwa sababu siku hizi nilikuwa nikionana na dereva tu.

"Nyingine nitakuletea Ijumaa," alisema. "Mashine imetengenezwa. Utafungua mwenyewe, utapima. Mwari, nitaleta?"

Nilijua ingekuja ikiwa baridi, na nilijua pia kwamba ningeifungua, nikaidunga kisu na kunusa mbele ya dereva wake, kila Ijumaa, mpaka mmoja wetu achoke.

"Hapana, baba," nilisema. "Nitachukua hapa Embu."

Aliitikia kwa kichwa. Hakubishana wala hakutaja mguu ule wa kwanza, na nilitamani angeutaja ili niwe na la kujibu. Alinywa chai yote, ingawa ilikuwa imepoa, akauliza habari za wadogo zangu mmoja mmoja. Nilimsindikiza hadi barabarani. Aliponipa mkono aliushika wangu muda mrefu, akasema nimekuwa na uso wa baba yangu, kisha akavuka.