Kila Jibu Limezidi Mia na Kumi

Shangazi yangu amefundisha hesabu darasa la tatu miaka ishirini na sita, na ubishi wake haujapungua hata chembe. Mimi nafundisha darasa la pili, ukuta mmoja naye, kwa hiyo namsikia kuliko ninavyotaka. Nampenda hivyo hivyo.

Jumatano aliingia chumba cha walimu na karatasi ya binti wa fundi cherehani. Maswali kumi, yote elfu moja kutoa namba ya tarakimu tatu, na amepata sifuri. Mwalimu mkuu alishasema: akifeli tena Ijumaa, anarudishwa darasa la pili.

"Atakuja kwako," Shangazi akaniambia. "Mtoto mrefu vile, akae na wadogo zake!"

Wenzake darasani nao walikuwa wamevurunda. Kwenye 1000 kutoa 347, wengi waliandika 1347, maana waliona sifuri haiwezi kutoa saba, wakageuza saba ndiyo itoe sifuri. Shangazi aliguna: umetoa, halafu umebaki na zaidi ya ulichokuwa nacho!

Binti aliandika 763. Jibu ni 653. Shangazi akalinganisha majibu yake yote na yaliyo sahihi, moja moja. Kila jibu lilizidi kwa 110.

"Huyu habahatishi," akasema. "Anafuata kanuni. Sasa kaitoa wapi?"

Akafungua daftari lake la maandalio. Mwandiko wake mwenyewe: *Sifuri ikikopa, inakuwa kumi.* Nukta. Binti alikuwa ameweka kumi juu ya kila sifuri, kama alivyoambiwa. Nikamwonea huruma Shangazi.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kengele, alimkalisha binti mbele ya gunia la vijiti elfu moja, vimefungwa mafungu ya mia, na ndani yake mafungu ya kumi. Mimi nilisimama mlangoni.

"Nipe vijiti saba, mama."

"Vya moja moja havipo, Mwalimu."

"Basi fungua."

Binti akafungua gunia, akapata mafungu kumi ya mia. Akafungua mia moja, yakatoka makumi kumi. Akafungua fungu moja la kumi.

"Mamia ambayo hujafungua ni mangapi?"

"Tisa."

"Makumi?"

"Tisa." Akavigusa vijiti alivyofungua. "Vya moja moja ndivyo kumi."

Bila kuambiwa, alichukua karatasi yake ya Jumatano na ufutio, akafuta kumi mbili za katikati, akaandika tisa, tisa.

"Sifuri hizo za katikati zilikopa, halafu nazo zikakopesha," Shangazi akasema. "Hilo la pili sikukufundisha. Nisamehe, mwanangu."

Ijumaa binti alipata yote kumi. Mwalimu mkuu alimsifu kwa kuacha uvivu. Shangazi, ambaye sijawahi kumsikia akikubali kosa mbele ya mkubwa, akaweka daftari lake mezani.

"Hakuwa mvivu," akasema. "Soma hapa uone mwandiko wa nani."