Saa Kumi na Moja za Shangazi

Shangazi yangu ni karani wa tiketi katika ofisi ya mabasi, na ukitaka kumchokoza, mwambie basi lake limechelewa. Hachelewi yeye, halichelewi basi lake, na ole wako wewe abiria unayekuja mbio huku unafunga vifungo vya shati. Atakutazama kupitia dirisha lenye nondo, atakuonyesha vumbi barabarani, kisha atakuuliza kwa upole kama ungependa tiketi ya kesho. Mimi nakaa dirisha la pili, la mizigo, na upole huo naujua. Afadhali kutukanwa.

Ni mjane wa miaka mingi. Watoto wake amewalea, amewasomesha, wameondoka. Nyumba yake ameijenga mwenyewe, na fundi aliyempindia ukuta aliubomoa akaujenga tena. Akiulizwa habari za mume mwingine hujibu kwamba ameshazoea kulala katikati ya kitanda, na hapo mazungumzo huisha.

Ndipo akatokea Fundi.

Fundi anatengeneza vyerehani. Kwao ni mwisho wa njia yetu ndefu, safari ya kutwa nzima, na mara kwa mara huja kwetu kwa lori la shule ya ufundi kutengeneza mashine zao. Ni mtu mpole, maneno yake machache, mikono yake inanukia mafuta ya cherehani. Cherehani cha shangazi alishakitengeneza mara nne, na mimi nilishona nacho kila wiki na sikuwahi kuona kina ubaya gani. Shangazi naye, asiyesamehe fundi yeyote, kila mara alisema bado kinagonga kidogo.

Safari hii Fundi alimaliza kazi, akanawa mikono, akasema lililomleta. Alitaka kumwoa shangazi. Hakutaka jibu palepale.

"Jumatatu narudi kwetu," alisema. "Nitapandia hapo stendi kwako. Utanipa jibu lako mlangoni mwa basi. Ukikubali, nitarudi na ndugu zangu tuje kwenu kwa heshima. Ukikataa, nitawaomba shule watafute fundi mwingine. Sitaweza kuja mji huu nikapita mbali na mlango wako."

Shangazi alimjibu kwamba nauli ni ileile na asisahau kufika mapema.

Wiki hiyohiyo Meneja wetu alikuja na jambo lake. Kwa safari za kuanzia Jumatatu, abiria wataweza kukata tiketi kwa simu, na mtambo wa tiketi haujui asubuhi wala usiku. Unataka saa za kuanzia sifuri hadi ishirini na tatu, basi. Ubao wetu ukutani, ulioandikwa kwa chaki, unasema kama watu wanavyosema: saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa saba usiku. Ilibidi saa zote zigeuzwe, na kazi ikaangukia wawili hao, Meneja na shangazi, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake ndiye anayehitaji msaada.

Kanuni waliipata upesi, na ilikuwa sahihi. Saa za mchana tunaanza kuzihesabu jua linapochomoza, kwa hiyo ongeza sita: saa mbili asubuhi ni nane, saa nane mchana ni kumi na nne. Saa za usiku tunaanza jua linapozama, kwa hiyo ongeza kumi na nane: saa mbili usiku ni ishirini. Ikivuka ishirini na nne, toa ishirini na nne. Saa saba usiku inakuwa ishirini na tano, unatoa, inabaki moja. Shangazi alifurahi sana na hiyo ya saa saba. Aliirudia mara mbili ili Meneja aione vizuri.

Yakabaki mabasi mawili. La saa kumi na moja alfajiri, linalokwenda mwisho wa njia, kwao Fundi. Na la saa kumi na moja jioni, linalokwenda mji jirani.

"Alfajiri ni mchana au usiku?" Meneja aliuliza.

"Usiku watu wamelala," shangazi alisema. "Alfajiri mimi nimeshaoga, nimeshafagia, nimeshagombana na kondakta. Huo utakuwaje usiku? Ongeza sita."

Kumi na moja na sita, kumi na saba. Meneja akaandika.

"Na jioni?"

"Jioni watu wanawasha taa."

"Kweli. Usiku huo." Meneja akaongeza kumi na nane, akapata ishirini na tisa, akatoa ishirini na nne, akaandika tano. "Unaona hesabu ilivyo tamu?"

Nami nilikuwepo, nafunga gunia la viatu. Niliwasikia wote wawili na nikaona wana akili sana.

Ubao wa chaki haukuguswa. Sisi wa ofisini tuliendelea kufuata ubao, na simu za watu zikafuata mtambo. Shangazi alijivunia ratiba yake hata akampigia Fundi, yeye asiyempigia mtu. "Usije kupanga foleni dirishani," alimwambia. "Kata kwa simu. Saa zote humo nimezigeuza mimi mwenyewe." Fundi akakata.

Jumatatu tulitoka nyumbani kungali giza. Njia nzima shangazi alikuwa akijizoeza kukataa. Ndiyo, uamuzi wake ulikuwa huo. "Nitamwambia, Fundi, wewe ni mtu mzuri, lakini mimi mti mkavu, haupindiki tena. Inafaa?"

"Umepaka wanja, shangazi."

"Kwani mtu akikataliwa akataliwe na kinyago?"

Stendi, dereva aliwasha injini ya basi. Waliokata tiketi dirishani walikuwa wameshakaa. Waliokata kwa simu hawakuwapo hata mmoja, viti tisa vitupu, na karani yeyote angejiuliza kuna nini. Shangazi aliona kiti kimoja tu.

Ilipofika kumi na moja kamili, dereva alipiga honi. Shangazi alisema gurudumu la nyuma linaonekana halina upepo. Dereva akashuka, akalipiga teke, likawa zima. Shangazi akasema alipige na la upande wa pili. Kisha akataka orodha ya abiria isomwe upya. Kondakta alinitazama nami nikatazama mizigo yangu, kwa sababu jambo hilo halijawahi kutokea tangu ofisi ifunguliwe.

"Mpigie simu," nilimnong'oneza.

"Nimpigie nimwambie nini? Njoo upesi nikukatae?"

Robo saa ilipita. Basi likaondoka. Shangazi akaingia chumba cha mizigo, akakaa juu ya gunia la mchele la mtu, akalia. Hakulia kwa siri, alilia kama anavyofanya kila kitu, kwa nguvu na kwa mpangilio. "Amebadili nia," alisema. "Amelala, ameamka, amefikiri, ameona mwanamke mwenyewe mkali. Na ana haki."

"Si ulikuwa unamkataa?"

"Nilikuwa namkataa akiwepo!"

Nilimpa kitambaa cha kufungia vifurushi, akajifuta, wanja wote ukahamia mashavuni.

Hapo ndipo tuliposikia kelele dirishani. Watu kama kumi waliokuwa wamekaa kimya kwenye mabenchi, nasi tukidhani ni wasindikizaji, walisimama wote kwa pamoja. Mbele yao alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya mji jirani, ameshika simu kama anavyoshika fimbo.

"Basi letu liko wapi?"

"La kwenu ni la jioni," shangazi alimjibu huku amesahau uso wake ulivyojaa wanja. "Ubao huo hapo."

"Na simu hii hapa. Sifuri tano, sifuri sifuri. Nimemwamsha mke wangu saa tisa usiku anipikie uji kwa ajili ya hiyo sifuri tano."

Shangazi aliipokea simu. Aliitazama, akautazama ubao, akaitazama tena. Kisha nikamwona anahesabu kwa vidole, taratibu, kuanzia jua kuzama: saa moja usiku, mbili, tatu. Akafika kumi na moja, akabaki na kidole hewani. Nje, upande wa mashariki, kulikuwa bado kweusi.

"Usiku haujaisha," alisema. "Mungu wangu. Alfajiri ni mkia wa usiku. Jua halijatoka, hesabu ya mchana haijaanza. Nimeoga, nimefagia, lakini ni usiku! Ile ya ishirini na tisa ilikuwa ya alfajiri. Ile ya kumi na saba ndiyo ya jioni, mkia wa mchana. Tumezibadilisha."

"Mmezibadilisha nani na nani?" aliuliza mwalimu mkuu.

Lakini shangazi hakuwa naye tena. Alinigeukia, na uso ule mweusi kwa wanja ukafunguka wote.

"Yeye simu yake inasema kumi na saba," alisema. "Atakuja jioni!"

Sijapata kuona mtu aliyefurahi hivyo kwa kosa lake mwenyewe. Mwalimu mkuu alimwita mzembe, akaitikia, "Ndiyo, mwalimu." Meneja alikuja mbio na ndala za mkewe, akataka kujua nani wa kulaumiwa, shangazi akamwambia wote wawili, yeye zaidi, sasa alete basi la akiba. Basi la akiba likaletwa, watu wa mji jirani wakaondoka jua likichomoza, saa zikarekebishwa kwenye mtambo, na abiria wote walioandikiwa saa kumi na saba wakapigiwa simu waje kesho alfajiri, bila nauli nyingine.

Wote isipokuwa mmoja. "Huyo mwache," alisema shangazi, akaenda kunawa uso.

Fundi alifika saa kumi jioni, saa nzima kabla ya wakati, shati limepigwa pasi, begi begani. Alisimama dirishani, akasalimia.

"Basi lako limeondoka," shangazi alimwambia. "Alfajiri."

Fundi aliweka begi chini. "Mimi nimezoea kusikia ni la alfajiri. Lakini uliposema umegeuza saa wewe mwenyewe, nikajua wamebadilisha. Sikuona sababu ya kuuliza."

Shangazi alilifunga daftari la tiketi. "Nilikosea," alisema. Nilidondosha kalamu.

"Haidhuru. Kesho lipo." Akasita. "Ulikuwa uniambie kitu mlangoni mwa basi. Kama ningekuwepo alfajiri, ungeniambia nini?"

"Ningekukataa."

Fundi aliitika kwa kichwa, polepole. Akainama kuchukua begi.

"Sijamaliza," shangazi alisema kwa ukali. "Nilikitazama kiti chako hakina mtu, nikaumia. Nimemsimamisha dereva nikamsingizia gurudumu. Nimelia juu ya mchele wa watu. Usinifanyie hivyo tena."

"Ulizibadilisha saa wewe," Fundi alisema.

"Hata kama."

Abiria wa foleni walikuwa wametulia kuliko siku zote. Shangazi alifungua komeo la mlango mdogo wa ofisi. Fundi aliliokota begi lake, akaingia nalo, akaliweka nyuma ya kaunta, chini ya kiti cha karani, mahali ambapo abiria hawaruhusiwi kufika.