Namna Nilivyoikataa Kahawa ya Mwalimu

Niliporudi chuoni kusomea shahada ya uzamili nilikuwa nimeshaota kitambi, na msimamizi wangu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama kumi. Kila tulipokutana tulipata kigugumizi: yeye aniamkie kwa umri, au mimi nimwamkie kwa cheo? Mwishowe tukaridhiana kimyakimya kuulizana habari za asubuhi, hata ikiwa alasiri.

Kabla sijazoea kiti cha maktaba akanipa mradi. Ulihusu wakulima wa kahawa wa Mwika: kwa nini wengine wamepanda miche mipya inayostahimili magonjwa, na wengine wameng'ang'ania mibuni ya babu zao. Dodoso lilikuwa limeandikwa, kibali cha utafiti kimetoka, na ada yangu ingelipwa na wafadhili. Kazi yangu ingekuwa kuhoji wakulima, kuingiza majibu kwenye kompyuta, kuchambua kipande kimoja na kukiita tasnifu. Mwenye akili angeshukuru.

Mimi nilitaka mafundi cherehani wa Majengo. Nimekulia huko, chumba cha kupanga, ukuta mmoja na fundi. Nilitaka kujua kwa nini fundi anayejua wazi kwamba hatamaliza humwambia mteja "njoo Ijumaa". Na kwa nini mteja, ambaye naye anajua, huja Ijumaa, hukasirika, kisha hurudi na kitambaa kingine. Mimi ni mteja wa namna hiyo maisha yangu yote na sijajielewa bado.

"Umeuonaje mradi?" aliniuliza.

"Mzuri sana, Daktari."

"Utaufanya?"

"Ngoja niusome vizuri."

Wiki iliyofuata nikamwambia naumalizia. Iliyofuata tena, mke wangu anaumwa. Alikuwa anaumwa kweli, jino. Nilivyolelewa, mkubwa haambiwi hapana usoni. Unazunguka mpaka achoke mwenyewe. Huyu hakuchoka. Jumamosi moja alinipigia: anapanda Mwika kulijaribu dodoso kwa majirani wa mama yake, je, anipitie? Nikasema sawa.

Mama yake alitukaribisha jikoni, karibu na mlango unaotazama kihamba chao, shamba la nyumbani, migomba juu na mibuni chini yake. Nikamwamkia shikamoo bila kigugumizi. Akanichotea mtori wa ndizi, akanitazama.

"Marahaba, baba," akasema, kisha akamgeukia mwanawe. "Ndiye huyu atakayehesabu mibuni yangu?"

"Ndiye, mama. Jina lake nimeshalipeleka idarani, kikao kinakaa Jumanne."

Kijiko changu kikasimama njiani. Mada ikishapitishwa na kikao, kuibadilisha ni barua kwa mratibu wa masomo ya uzamili, maelezo, pendekezo jipya, na msimamizi aliyeaibika mbele ya wenzake. Huyo msimamizi ndiye sikutaka kumpoteza. Katika idara nzima ni yeye aliyejua kumfanya mtu aliyehojiwa aseme kile alichokuja kukificha. Bila yeye ningekuwa na mafundi wangu na pa kuwapeleka sina.

"Daktari, kuna jambo." Nikasifu dodoso. Nikasifu miche. Nikasifu mtori.

"Huyu ana taarifa ya msiba?" mama akauliza.

Ndipo nikawataja mafundi. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kahawa hutaki."

"Sijasema sitaki, nasema labda baadaye..."

"Wiki tatu unaniambia njoo Ijumaa," akasema. "Nimekuja. Nimekasirika. Na leo nimekuletea kitambaa kingine mpaka jikoni kwa mama. Unafanya au hufanyi?"

Mama alicheka kuliko nilivyoona haja.

"Sifanyi, Daktari. Naomba radhi kwa kukuchelewesha. Na naomba uendelee kunisimamia."

Akamaliza bakuli lake bila haraka. Jina langu, alisema, ataliondoa Jumatatu. Nafasi ataipata binti wa darasa letu aliyeiomba tangu mwanzo na ambaye, tofauti na watu wengine, hujibu anapoulizwa. Ada nitajilipia mwenyewe. Kibali nitakiomba upya, maana kile ni cha kahawa. Na nitafute msimamizi wa pili upande wa sosholojia, kwa kuwa yeye ni mtu wa kilimo.

"Sasa, nani ameshaandika kuhusu ahadi za mafundi?"

"Nitatafuta, Daktari."

"Majengo yote utayamaliza?"

"Labda mtaa mmoja. Kuelekea Idi."

"Na utamwulizaje mtu kuhusu uongo wake bila kumwita mwongo?"

"Sitamwuliza. Nitakaa kibarazani kwake nimsaidie kufumua nyuzi, nisikilize anavyowaambia wateja."

"Hilo ndilo jibu lako la kwanza lenye akili," akasema. "Kumbuka tu kwamba fundi mwenyewe lazima ajue unamsikiliza, na akubali. Lete kurasa tatu: swali, waliotangulia, na namna utakavyofanya. Lini?"

"Ijumaa."

Akanitazama. Mama naye akaacha kuchota.

"Ijumaa ya fundi, au ya mwanafunzi?"

Nikahesabu kazi niliyokuwa nayo nyumbani, na jino la mke wangu, ambalo lilikuwa halijang'olewa.

"Jumatano ya wiki ile nyingine," nikasema.

"Haya," akasema. "Mama, mwongezee mtori."