Goti la Mbuvi, Miguu ya Ndinda

Ko. Fimbo ya Mbuvi ikigonga sakafu ya saruji. Miaka ishirini na miwili tangu amzike ndugu yake huyo, Munyao ameusikia mlio huo hata katikati ya ngurumo za malori pale Kambu, anakoziba pancha kando ya barabara kuu. Na tangu Ndinda, bintiye wa miaka sita, aanze kulia usiku akishika miguu, hausikii mwingine.

Asubuhi hiyo alikuwa ameshatenda jambo ambalo mwanamume hamtendei mama mkwe wake. Kathini alikuwa amekuja kutoka Kwa Vonza kuwatembelea, akalala siku tatu, na siku zote tatu akaamshwa na kilio cha mjukuu.

"Jioni anaruka kamba," alisema akinywa uji. "Usiku ni kulia. Alfajiri anaruka tena. Huyo anajifanya tu, anataka kubebwa."

Munyao akaweka kikombe chini. "Chukua kikapu chako uende."

Kavata, mkewe, alimtazama kama mtu asiyemjua. Kathini alikunja leso yake, akatoka, na Munyao akambeba mtoto begani mpaka kituo cha afya, huku kila salamu ya njiani akiijibu kwa kukoroma.

Yvonne, afisa wa kliniki, hakuinua uso. "Anaumwa wapi?"

"Miguu."

"Mguu gani?"

"Nimesema miguu. Kwani husikii Kiswahili?"

Mlango ulikuwa wazi. Mama mmoja kwenye benchi la nje akafyonya. Yvonne akaweka kalamu. "Baba Ndinda, ukigombana na dereva wa lori, atawasha gari aende. Mimi niko hapa mpaka saa kumi na moja. Mguu gani?"

"Yote miwili."

Akamwambia mtoto aonyeshe mwenyewe. Ndinda akajipapasa mapaja, kisha nyuma ya magoti. Yvonne akaiminya misuli taratibu, akakunja kila goti, akazungusha kila nyonga, akatafuta uvimbe asiupate. Akampima joto na uzito, akatazama kitabu chake cha kliniki: alikuwa ameongezeka. Mwisho akamtuma aruke kwa mguu mmoja hadi mlangoni. Ndinda akaenda, akarudi, akaomba aende tena.

"Akiamka anachechemea?"

"Hapana."

"Amewahi kuwa na homa? Amekonda? Mchana hulalamika?"

"Mchana ni kamba tu."

"Basi haya ni maumivu yanayowapata watoto wengi wa umri huu. Watu huyaita ya kukua, ingawa hatujui hasa yanaletwa na nini. Yakimshika, mkande, muwekee kitambaa chenye joto. Yakizidi, panado ya watoto kwa kipimo cha uzito wake. Yataisha yenyewe."

"Na picha ya mfupa?"

"Haihitajiki."

Munyao akainuka, kiti kikaanguka. "Hivyo hivyo mlisema! Ndugu yangu mlimwambia ni kuumia mpirani tu, kijana, utapona. Tulimzika kabla mwaka haujaisha! Mnajua nini nyinyi?"

"Keti."

"Siketi!"

"Basi nijibu ukiwa umesimama. Ndugu yako aliumwa mguu gani?"

"Wa kulia. Goti."

"La kulia tu?"

"La kulia tu."

"Lilivimba?"

"Kama papai."

"Maumivu yalikuja usiku, asubuhi yakaondoka?"

"Yaondoke wapi? Mchana na usiku. Alichechemea, akashika fimbo, akakonda..." Munyao akamtazama Ndinda. Tofauti alikuwa ameisikia kinywani mwake mwenyewe.

"Aliyemwambia ni mpira alikosea," Yvonne alisema, bila kulainisha sauti. "Goti kama lile ningelipeleka kupigwa picha siku hiyo hiyo. La Ndinda si lile. Lakini sikiliza vizuri: ukiona ni mguu mmoja tu unaomrudia, au kiungo kimevimba, au anaamka akichechemea, au maumivu yamekaa mpaka mchana, au ana homa, au anakonda, mlete. Usingoje. Hata ukija na matusi yako."

Benchi la nje likacheka. Munyao akakiinua kiti, akakikalia. Ndinda alikuwa bado anaruka, sasa kwa mguu wa pili, akihesabu kwa sauti.

"Nimemfukuza mama mkwe," alisema.

"Kwa kosa gani?"

"Alisema mtoto anajifanya."

"Hajifanyi. Anaumwa kweli, ila si ugonjwa wa kuogopesha. Mfuate umwambie hivyo, na umwambie kwa adabu. Mwingine!"

Mama aliyefyonya akasimama mlangoni na mtoto mgongoni. Munyao hakutoka. Alikuwa akiitazama mikono yake, weusi wa mpira kwenye kucha, na alipofungua kinywa ilibidi Yvonne ainame juu ya meza ndipo amsikie.

"Mbuvi naye," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia mama yetu kuwa anajifanya."