Cheti cha Kuketi Kwenye Kiti Changu

Hadi leo nikisikia mtu anasema "elimu ni elimu" damu inanichemka. Mimi nimesoma mara mbili maishani, na masomo yale mawili hayakuwa ndugu.

Mara ya kwanza nilikuwa msichana wa Rondo aliyemaliza darasa la nane. Nafasi za sekondari kwa wasichana zilikuwa chache mno, nami sikupata. Masista wa misheni wakanichukua kwenye mafunzo ya taipu. Naingia, nadonoa herufi kwa kidole kimoja kama kuku. Natoka, napiga ukurasa mzima bila kutazama mikono. Ile ndiyo kazi niliyokwenda nayo Lindi mjini, kwenye ofisi ya ununuzi wa korosho, na kwa miaka mingi barua zote za ofisi ile zilipita vidoleni mwangu.

Mpiga taipu mkuu alipostaafu, kila mtu alijua kiti ni changu. Meneja akaniita.

"Ndugu, kanuni mpya inataka kidato cha nne."

"Kidato cha nne kinapiga taipu?"

"Hakipigi. Lakini watu wanaomba kutoka kila upande, siwajui. Aliyevumilia miaka minne na kufaulu mtihani, angalau najua ana akili na hakimbii kazi."

"Mimi je? Hunijui?"

Akakuna kidevu. "Mimi nakujua. Kanuni haikujui."

Wakamleta binti aliyetoka shule, cheti chake kikiwa bado kinanukia wino. Alikuwa hajawahi kugusa mashine. Nikaambiwa nimfundishe, halafu awe mkubwa wangu. Nilitaka kumchukia nikashindwa, maana alikuwa mwepesi wa kushika, mnyenyekevu, hachelewi kazini. Cheti hakikumsingizia. Kilisema ana uwezo wa kujifunza, na kweli akajifunza. Siku moja nikamuuliza, katika yote aliyosoma sekondari, ni lipi analolitumia pale.

"Dada, nikuambie kweli? Kiingereza kidogo kwenye barua za Dar es Salaam. Mengine yote nimeyasahau."

"Na taipu?"

"Taipu umenifundisha wewe."

Niliondoka pale mezani nikaenda kusimama uani. Mimi uwezo ule ule nilikuwa nao. Nilichokosa ni mlango wa kupita ili nionekane ninao.

Basi nikaamua kuupita. Nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikisoma kwa njia ya posta. Mwanangu mdogo nikampeleka kwa mama kule Rondo, ambako alianza kumwita bibi yake mama. Jioni nikitoka kazini nakariri mito ya nchi ambazo sitazifikia, na sehemu za ndani za chura. Niliporudi kumwona mwanangu, alijificha nyuma ya bibi yake, akauliza kwa Kimwera huyu mgeni ni nani. Mtihani wa kwanza nilianguka. Wa pili nikafaulu.

Binti yule alikuwa ameolewa na kuhamia Mtwara, kiti kikawa wazi tena. Meneja akanishika mkono kwa furaha. "Hongera! Sasa umeiva."

"Nimeiva nini, Ndugu Meneja? Jana nilipiga barua hizi, leo nazipiga vilevile. Niambie kilichoongezeka."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia, anayetaka kujua nani anapiga taipu, amweke mbele ya mashine.

"Waombaji wote hao, na mashine mbili? Nani atawasimamia? Cheti kinatuchujia bure."

Bure! Nilimwonyesha kidole, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mkubwa yeyote. "Bure kwenu. Sisi ndio tunaolipa, na mimi nimelipa kwa mwanangu."

Kesho yake akakubali tuwe na jaribio la mashine kwa mpiga taipu mpya wa kushika nafasi yangu ya zamani, nami nilisimamie. Nikadhani nimeshinda. Lakini tangazo lilipotoka, jaribio lilikuwa la wenye kidato cha nne tu.

Asubuhi ya jaribio alifika mama mmoja kutoka Mingoyo, ameshika barua ya wale wale masista walionifundisha mimi. Karani wa mapokezi akamwuliza cheti cha kidato cha nne. Hana. Nikatoka mbio, nikasema, "Mwacheni akae kwenye mashine, dakika chache tu!" Karani akamtazama meneja, meneja akatikisa kichwa.

Mama yule hakubishana. Alinishukuru, akakunja barua yake, akashuka ngazi. Nikarudi ndani kuwasimamia wenye vyeti. Wawili kati yao hawakujua hata karatasi inaingizwa upande gani, na mmoja wa hao wawili ndiye aliyeajiriwa, kwa kuwa alama zake za shule zilikuwa nzuri kuliko za wote.

Nikaanza kumfundisha Jumatatu.